Saa ya mwanangu inasoma 6.2, kidole kinasoma 3.6. Niamini kipi?

SWALI

Sista, shikamoo. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 13 mwenye kisukari aina ya kwanza, tunaishi Mafinga. Mama yake mdogo aliyeko Uingereza alitutumia kihisi cha sukari cha kubandika mkononi pamoja na saa janja. Namba zinatoka kwenye kihisi, zinaingia kwenye simu, na simu inazipeleka kwenye saa. Tulifurahi, maana vidole vya mtoto vilikuwa vimechoka.

Jumamosi alikuwa anacheza mpira, simu ameiacha kwenye begi pembeni mwa uwanja. Saa 10:40 jioni akatoka anatetemeka, jasho linamtoka na baridi lote hili. Kuangalia mkononi: 6.2. Nikampima kidole kwa wasiwasi tu, nikakuta 3.6! Nikampa soda. Baada ya dakika 15 saa janja ikasoma 3.4, mshale unaelekea chini, nami sikutaka kupoteza stripu nyingine. Bibi yake akaona mtoto anatutoka, akampa soda nyingine nzima na maandazi mawili. Kufika saa 12 jioni ana 14.9.

Usiku nafungua simu, nakuta mchoro wa mchana umejaa vizuri, hauna pengo hata moja, na sukari inaonekana ikishuka hatua kwa hatua tangu saa 10:25. Sasa kama kidude kiliona, mbona hakikulia? Tena usiku kinafanya vituko vingine: kinalia 3.1, tunaamka wote, kidole kinasoma 5.8. Fundi simu wa hapa anasema niachane nacho, kuna saa za bei nafuu zinazopima sukari zenyewe bila kihisi. Nifanyeje?

Mama Kijana, Mafinga

JIBU

Marahaba, mama. Kwa ulivyoeleza, kihisi chako ni kizima na saa ni nzima. Ile 6.2 ilikuwa namba ya kweli, ila ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na umri wa kama dakika 25, na kwa mtoto anayekimbia uwanjani dakika 25 ni nyingi mno. Ngoja nikuonyeshe zilikotoka, kwa kutumia namba zako mwenyewe.

Kihisi hakipimi damu. Kile kiuzi chembamba kilichoingia chini ya ngozi kimekaa kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hutoka kwenye damu ndipo ifike huko. Hiyo ndiyo safari ya kwanza. Wakulima wa mpunga wa Usangu wanalijua jambo hili bila kwenda shule: ukifunga maji kwenye mfereji mkuu, jaruba la mwisho linaendelea kupokea kwa muda kabla halijaanza kukauka. Sukari ikiwa imetulia, damu na majimaji husoma karibu sawa na tofauti huioni. Ikianza kukimbia, kupanda au kushuka, kihisi hubaki nyuma kwa dakika 5 hadi 10 hivi, na ikikimbia sana inaweza kufika 15. Ucheleweshaji huu ni wa mwili, kwa hiyo hata ukinunua saa ya mamilioni utaukuta palepale.

Safari ya pili ni kutoka kwenye kihisi kwenda kwenye simu. Vihisi vingine, kama Dexcom, hutuma namba kila baada ya dakika 5. Libre 3 hutuma kila dakika. Vyote hutumia blutuuthi, ambayo mahali peupe hufika kama mita 6 hadi 10 kutegemea aina ya kihisi, na hupungua pakiwa na ukuta katikati au mwili wenyewe, kwa sababu mwili umejaa maji na maji humeza mawimbi hayo. Uwanja wa mpira una urefu wa kama mita 100. Kwa hiyo kijana akiwa golini upande wa pili, simu iliyo kwenye begi haisikii kitu.

Safari ya tatu ni kutoka kwenye simu kwenda kwenye saa, nayo pia ni ya blutuuthi. Simu ikiwa mbali, saa haina pa kuchota namba, inabaki imeshikilia ile ya mwisho iliyopewa. Ipo mipangilio michache ambayo saa huzungumza na kihisi moja kwa moja: Dexcom G7, kwa mfano, inaweza kuunganishwa na Apple Watch kuanzia Series 6. Ya kwenu haiko hivyo, kwa maelezo yako inapitia kwenye simu. Saa kwenye mkono wa mtoto ni dirisha tu la kutazamia simu iliyo kwenye begi.

Sasa turudi Jumamosi. Mchoro wako unaanza kushuka tangu 10:25, na nadhani ndio muda kijana alisogea pembeni, pengine kunywa maji, akawa karibu na begi. Simu ikapokea 6.2 na kuipeleka kwenye saa. Akarudi kucheza. Saa 10:40 anatoka anatetemeka, na mawasiliano yakikatika hayarudi papo hapo. Huchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo 6.2 mliyoiona 10:40 ilikuwa imeshakaa mkononi dakika 15. Halafu ongeza zile dakika 10 za majimaji: 6.2 ya saa 10:25 ilikuwa inaeleza damu ya saa 10:15. Kwa mtoto anayekimbia na insulini bado inafanya kazi mwilini, tuchukulie sukari inashuka 0.1 kila dakika, ambao ni mwendo wa kawaida kabisa. Dakika 25 mara 0.1 ni 2.5. Toa kwenye 6.2, unapata 3.7. Kidole kilikuambia 3.6. Vifaa vyote viwili vilisema kweli, kila kimoja kuhusu wakati wake.

Umeuliza kwa nini hakikulia wakati mchoro unaonyesha kila kitu. Kihisi hakiachi kupima kwa sababu simu iko mbali. Huendelea na kujiwekea namba kwenye kumbukumbu yake, na simu ikirudi karibu, huzimwaga zote kwa mpigo na programu inaziba pengo kwenye mchoro. Dexcom G6 huweza kurudisha namba za saa 3 zilizopita, G7 za saa 24, na Libre 2 hutunza za saa 8. Ndiyo maana usiku uliuona mstari usio na tundu. Lakini alamu hulia kwa namba inayoingia sasa hivi, hailii kwa namba za nyuma zilizochelewa kufika. Mchoro mzuri wa jioni hauthibitishi kwamba mchana kulikuwa na mtu anayeangalia.

Kuna jambo lingine hapa ambalo wazazi wengi hulikosa. Hata kama simu ingekuwa mfukoni mwa kijana muda wote, saa 10:40 kihisi kingesoma kama 4.7 (6.2 ukitoa 0.1 kwa dakika 15), kwa sababu ya zile dakika 10 za majimaji. Kama alamu ya chini umeiweka 3.9, isingelia, na mtoto tayari ana 3.6. Kwa hiyo kabla ya mechi pandisha alamu ya chini hadi 5.0 au hata 5.5, uirudishe usiku. Alamu ikilia kwenye 5.5 mshale ukiwa chini, bado una nafasi ya kumtoa nje ale kitu. Na begi likae kwa kocha au mtu aliye upande ambao mtoto anacheza, lisiwe nyuma ya benchi huku yeye ni kipa wa goli la mbali. Kama simu ni ndogo na mkanda wa kiunoni upo, afadhali zaidi. Kiwango cha kuanzia mechi na dozi ya insulini siku ya mpira mpangilie na daktari wa kliniki yenu, kwa sababu hayo hutegemea muda wa sindano ya mwisho.

Baada ya soda mambo yaligeuka, na bibi asilaumiwe, alisoma kilichoandikwa. Ulimpa soda 10:40. Sukari ya soda huanza kuingia kwenye damu ndani ya dakika chache, kwa hiyo kufika 10:55 yawezekana sana damu ilishapita 4 na inapanda. Lakini kihisi cha 10:55 kilikuwa kinaeleza damu ya 10:45, ambayo ilikuwa bado chini kabisa. Kwa hiyo 3.4 na mshale wa kushuka ilikuwa habari ya dakika 10 zilizopita. Soda ya pili na maandazi vikaangukia kwenye sukari ambayo tayari imeshapona, ukapata 14.9.

Hapa ndipo stripu inapostahili kutumika, mama, kuliko mahali pengine popote. Mtoto wa umri wake sukari ikishuka, mpe kama gramu 15 za sukari ya haraka: soda ya kawaida mililita 150, yaani nusu ya chupa ya mililita 300, au asali kijiko kimoja kikubwa, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji. Usimpe chupa nzima. Subiri dakika 15, kisha pima kwa kidole, na usiangalie saa janja kabisa mpaka upime. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia kiasi kilekile. Ikiwa imepanda, basi, mwache. Saa itamfuata baadaye. Kama stripu zimeisha na mtoto bado anatetemeka, mpe tena hivyo hivyo. 14 ya jioni inasumbua lakini haimzimishi mtu. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Na kidole chenyewe kipimwe sawasawa. Mtoto aliyetoka kula ndizi au andazi ana sukari kwenye ncha za vidole, na mashine itakusomea sukari ya andazi. Anawe kwa maji, ya uvuguvugu ikiwezekana, maana mikono ya Mafinga mwezi wa saba hutoa damu kwa shida. Mashine usiiache kwenye begi usiku wa baridi. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 10 kwenda juu, chini ya hapo hukataa. Iweke kwenye mfuko wa ndani wa koti. Na tofauti ndogo isikushtue. Sukari ikiwa imetulia, kihisi kikisoma 8.0 na kidole 7.1, hiyo ni kawaida, kila kifaa kina kosa lake dogo.

Sasa, utajuaje kama namba iliyo mkononi ni mbichi au imelala? Mfundishe kijana kutazama vitu vitatu kwa mpangilio huu: muda, mshale, ndipo namba. Fungua programu yenyewe kwenye saa, usitosheke na ile namba ndogo inayokaa pembeni mwa majira. Ile namba ndogo mara nyingi hucheleweshwa na saa yenyewe ili isimalize betri, hata simu ikiwa mfukoni. Ukiona pembeni imeandikwa 6.2 na ukifungua programu inaruka hadi 4.4, umeshajua kasoro iko wapi. Ndani ya programu kuna alama ya namba ilipokewa lini. Ikizidi dakika 5 au 6 kwa kihisi cha kutuma kila dakika 5, kuna kitu kimekatika. Ikizidi 10, ihesabu kama hakuna namba kabisa. Usisubiri maandishi ya `Signal Loss`, kwa sababu kwa kawaida hayo hutokea baada ya kimya cha kama dakika 20.

Pengo likitokea simu ikiwa mezani karibu na mtoto, umbali hauna kosa. Jaribu hivi: fungua programu ya kihisi kwenye simu. Namba zikimiminika papo hapo, simu ndiyo iliyokuwa imeilaza programu ili kutunza betri, tabia iliyo kwenye simu nyingi za Android tunazonunua huku. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo, uchague `Unrestricted`, na zima hali ya kubana betri. Baada ya simu kujisasisha kagua tena, kwani mpangilio huo huweza kujirudisha. Ukishamaliza, hakikisha programu ina ruhusa ya kulia hata simu ikiwa kimya.

Na bando likiisha msihangaike. Kihisi, simu na saa ya kijana vinaongea kwa blutuuthi, havihitaji intaneti kupashana namba. Anayekosa namba ni mama mdogo kule Uingereza, kama anamfuatilia kwa mbali. Mwambieni tu, asije akapiga simu usiku wa manane akidhani kuna msiba.

Usiku ni habari nyingine. Kihisi kikilaliwa, majimaji ya pale yanabanwa, sukari haifiki vizuri kwenye kile kiuzi, nacho kinasoma chini wakati damu iko salama. Huko kwenu mtoto analala ubavu mmoja, amejikunja, mablanketi mawili juu. Tazama mchoro asubuhi: ikiwa mstari umedondoka ghafla kama umekatwa, kutoka 6 hadi 3 kwa dakika chache, kisha ukapanda ghafla alipogeuka, huko ni kulaliwa. Sukari ikishuka kweli, mstari huteremka kwa mteremko na haujirudishi wenyewe baada ya dakika 5. Kihisi kijacho kibandikeni nyuma ya mkono asioulalia.

Lakini usije ukaizima alamu ya usiku kwa sababu hiyo. Usiku wa siku ya mpira misuli huendelea kuvuta sukari kwa masaa mengi, kushuka kwa kweli hutokea, na mara nyingi ni kwenye saa 8 au 9 usiku. Ikilia, mgeuze kwanza aache kuulalia mkono, mpime kidole, ndipo uamue. Hiyo ni stripu ya pili ambayo sitaki uibanie. Ya tatu ni pale mwili wake na namba havielewani, kama Jumamosi: dalili zipo, saa inasema yuko salama. Kidole ndicho kinachoamua, na kama mashine haiko karibu, mpe sukari kwanza. Ulifanya sawasawa kumpima.

Kuhusu fundi: mwaka 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa yenu inaonyesha namba kwa sababu kuna kiuzi chini ya ngozi kinachozipima. Hiyo ya fundi haina kiuzi, itakuandikia 5.6 mtoto akiwa na 3.6, na hakuna safari wala dakika utakayohesabu ili kuipata namba ya kweli. Hela hiyo nunua boksi la stripu.